DOA LA DARI CHINI YA BAFU: MAJI YANATOKA WAPI?

Wakazi wengi wa mijini huishi katika nyumba za ghorofa, na sakafu ya bafu la jirani wa juu huwa ndiyo dari ya chumba cha jirani wa chini. Kwa hiyo doa la maji linapojitokeza darini huja na mambo mawili kwa pamoja: uharibifu wa nyumba na ugomvi wa majirani. Wa chini humshutumu wa juu kwamba anamwaga maji ovyo. Wa juu hujibu kwamba sakafu yake ni kavu na mabomba yake ni mazima. Naye fundi aliyeitwa kwa haraka hupanda ngazi, huvigonga vigae viwili vitatu kwa kisigino cha nyundo, kisha hutoa hukumu kwamba bafu zima libomolewe.

Mara nyingi bafu hubomolewa kweli. Vigae vipya hutandikwa, fedha za miezi kadhaa hutumika, na baada ya muda doa hurudi pale pale. Si kwamba fundi hakujua kutandika vigae. Hakuna aliyeuliza kwanza maji yanatoka wapi, na kila mmoja alitengeneza kile alichokidhania.

Makala haya yanakusudia kukuonyesha namna ya kulijibu swali hilo kabla nyundo haijainuliwa. Vifaa vyake ni vya nyumbani: penseli, ndoo, mpira wa maji, udongo wa mfinyanzi kidogo, rangi ya chakula na subira ya siku tano au sita. Ili tuelewane vizuri, tutafuata mfano wa familia mbili zinazoishi katika nyumba moja ya ghorofa, moja juu na nyingine chini. Bafu la juu lina urefu wa mita mbili na upana wa mita moja na nusu. Lina choo cha kuketi, sinki la kunawia, bomba la mvua la kuogea, na tundu la kutolea maji sakafuni, lile ambalo mafundi huliita floo trapu. Maji yake hutoka katika tangi la lita 1000 lililo juu ya paa. Chini yake, katika chumba cha watoto, limejitokeza doa la rangi ya chai lenye ukubwa wa sinia.

DOA HALIONYESHI MAHALI, HUONYESHA WAKATI

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba maji hayaanguki moja kwa moja kutoka yalipovujia hadi yanapoonekana. Kati ya vigae na zege la sakafu kuna tabaka la saruji ya kusawazishia. Maji yaliyopenya hutandaa ndani ya tabaka hilo kama yanavyotandaa katika mkate. Yakifika kwenye zege hufuata mteremko wake, na hushuka pale tu yatakapokuta ufa mdogo, au tundu ambamo bomba la waya za umeme limepita. Kwa sababu hiyo doa laweza kuwa mita nzima mbali na chanzo chake. Mtu anayebomoa sakafu juu ya doa kwa hesabu ya macho anabahatisha tu.

Lakini doa lina ushahidi mwingine ambao ni wa kuaminika zaidi, nao ni wakati. Chukua penseli, uchore mstari kuzunguka ukingo wa doa, kisha uandike pembeni tarehe na saa. Kuanzia hapo kila badiliko litaonekana. Utazame pia sura yake. Maji yanapopenya kwenye saruji na chokaa huchukua chembe ndogo ndogo, huzisukuma hadi ukingoni, na yakikauka huziacha pale kama duara la kahawia. Doa lenye duara juu ya duara linakueleza kwamba linalowa na kukauka, linalowa tena na kukauka tena. Hapo maji huja bafu linapotumika. Doa ambalo halikauki usiku wala mchana, hata wenyeji wa juu wakiwa safarini, linaelekeza kidole kwa bomba lenye maji ya kusukumwa saa zote. Na doa linaloamka wakati wa masika tu huenda halihusiani na bafu hata kidogo. Hapo tazama ukuta wa nje, dirisha na paa.

Katika nyumba ya mfano wetu, doa lilikuwa na duara tatu. Jambo hilo liliwapa dalili ya awali, ingawa dalili si hukumu.

Kabla ya kuendelea, yakupasa uhakikishe usalama. Ikiwa doa limekaribia taa au kiungo cha waya, zima umeme wa chumba hicho kwenye kikata-umeme na usiuwashe mpaka fundi umeme aangalie. Ikiwa dari ni ya mbao za jasi na imeanza kufanya tumbo, maji yamejaa juu yake. Weka ndoo chini, simama kando, na utoboe tundu dogo kwa msumari ili yatoke taratibu. Ukiiacha, dari hiyo yaweza kuanguka kwa mkupuo usiku watu wakiwa wamelala.

MAJI YA AINA TATU

Katika kila bafu kuna maji ya aina tatu, na kila aina huvuja kwa tabia yake. Ya kwanza ni maji ya kuingia, yaani yale yaliyomo katika mabomba kutoka tangini au katika njia kuu. Hayo husukumwa saa zote, hivyo hayangojei mtu aoge. Ya pili ni maji ya kutoka, yale yanayokwenda kwenye bomba la maji machafu kutoka katika choo, sinki na tundu la sakafu. Hayo hupita kwa muda tu, kisha bomba hubaki tupu. Ya tatu ni maji ya juu ya sakafu na kuta, yale yanayomwagika mtu anapooga, ambayo yanatakiwa yateremke yote tunduni lakini huenda yakapenya kwenye viungo.

Kazi yetu yote ni kuyatenganisha maji haya matatu na kuyajaribu moja baada ya jingine, huku mtu mmoja akiwa chini analitazama doa. Kosa ambalo huharibu uchunguzi ni kuyajaribu yote kwa pamoja. Mtu akifungua bomba la mvua kwa nusu saa na dari ikalowa, hajapata jibu lolote, kwa kuwa kwa nusu hiyo ya saa maji yamepita katika bomba la kuingia, yamepiga ukutani, yamejaa sakafuni na yameteremka tunduni. Washtakiwa ni wanne na shahidi amewataja wote.

JARIBIO LA TANGI NA SIKU MBILI ZA UKAVU

Tuanze na maji ya kuingia. Katika nyumba ambazo maji hutoka njia kuu moja kwa moja, jaribio ni rahisi: funga koki zote, soma dira ya maji, ngoja saa mbili, kisha isome tena. Dira nyingi zina gurudumu dogo au nyota inayozunguka hata kwa mtiririko mwembamba. Ikiwa inazunguka ilhali hakuna anayetumia maji, kuna mahali yanapotoka. Lakini palipo na tangi juu ya paa dira huweza kukudanganya, kwa kuwa tangi likijijaza dira huzunguka hata kama hakuna kinachovuja. Hapo yafaa upime tangi lenyewe.

Familia ya juu katika mfano wetu ilifunga koki ya kujazia tangi saa nne usiku, watu wote wakiwa wamemaliza kutumia maji, kisha ikatia alama ya kina cha maji kwa fimbo. Saa kumi na mbili asubuhi maji yalikuwa yameshuka sentimita mbili. Tangi lao lina kipenyo cha sentimita 110, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni takriban lita tisa na nusu. Maana yake ni kwamba kwa saa nane za usiku zilipotea lita 19. Hapo wakafadhaika, wakadhani bomba limepasuka ndani ya sakafu.

Hata hivyo shuka chini na ulitazame doa. Lita 19 ni karibu ndoo kubwa iliyojaa. Kama ndoo hiyo ingalimwagika ndani ya sakafu, dari ya watoto ingalitiririka. Lakini doa halikuwa limeuvuka mstari wa penseli. Basi maji yale yalikwenda kwingine, na mahali panapofichika zaidi katika bafu ni ndani ya choo chenyewe. Walitia matone machache ya rangi ya chakula katika tangi dogo la choo, wakakaa nusu saa bila kuvuta maji, na rangi ikaonekana ikiteremka taratibu ndani ya bakuli la choo. Mpira wa kuzibia chini ya tangi dogo ulikuwa umechakaa. Maji hayo yaliwagharimu fedha kila mwezi, ila hayakuwa na uhusiano wowote na dari, kwa kuwa yaliingia bakulini na kuondoka kwa njia ya kawaida. Usiku wa pili walifunga koki ndogo iliyo chini ya tangi la choo, wakarudia kipimo, na maji ya tangi la juu hayakushuka.

Je, hilo latosha kuyaachia huru mabomba ya kuingia? Halitoshi, na ni vema tulieleze kwa hesabu. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza kiasi cha lita nne na kidogo kwa siku, yaani kama lita moja na nusu kwa saa nane. Katika tangi kubwa kama lile, hiyo ni kushuka kwa milimita moja na nusu tu, kiasi ambacho fimbo na jicho havikitambui. Kwa hiyo tangi lililotulia hukanusha uvujaji mkubwa, haliukanushi ule mdogo.

Dawa ya upungufu huo ni siku mbili za ukavu. Familia ya juu iliacha kulitumia bafu kabisa kwa saa 48, lakini mabomba yakaachwa na maji ndani yake yakisukuma kama kawaida. Familia ya chini, ambayo wiki iliyotangulia haikuwa ikisalimiana na wa juu, ilikubali kuwapa bafu na choo chake kwa siku hizo. Bomba la kuingia lingekuwa linadondosha hata tone moja kwa sekunde, lita nane na zaidi zingalishuka kwa siku hizo mbili na doa lingaliendelea kukua. Badala yake lilianza kupauka kutoka ukingoni. Mabomba yenye maji ya kusukumwa saa zote yakawa yameondolewa katika orodha.

Siku hizo mbili zina faida nyingine. Sakafu iliyolowa huhifadhi maji na huyaachia polepole, na usipoipa nafasi ya kupumzika utayaona maji ya juzi ukayadhania ya leo. Anayeanza majaribio juu ya sakafu iliyoloa hawezi kuliamini jibu lolote atakalopata.

MAJI YA KUTOKA

Sasa tuyajaribu maji ya kutoka, na hapa kanuni ni kuanzia chini kwenda juu, sakafu ikibaki kavu. Ingiza mpira wa maji ndani ya tundu la sakafu, upite ukingo wake wa juu, kisha mimina ndoo tatu za lita 20 polepole kupitia mpira huo bila kuacha tone limwagike juu ya vigae. Kwa njia hiyo umeujaribu mtego wa maji ulio chini ya tundu, pamoja na bomba linaloendelea kutoka hapo, na hukuujaribu ukingo wala sakafu. Baada ya hapo subiri. Zege si chujio la chai. Maji huweza kuchukua saa kadhaa kulipenya. Jaribio moja kwa nusu siku ni mwendo unaofaa. Kwa wenzetu hawa, dari ilibaki kavu.

Kisha choo. Tia rangi ya chakula katika tangi dogo na uvute maji mara sita, ukiacha lijae kila mara. Kiungo ambacho choo huungana na bomba la sakafuni hufichika kabisa chini ya kikalio chake, na kikilegea hutoa maji kila choo kinapovutwa. Choo kinachotikisika ukikikalia ni cha kutiliwa shaka sana. Baada ya choo, jaza sinki mpaka maji yafikie tundu dogo lililo karibu na ukingo, liachie kwa mara moja, na upapase kwa karatasi kavu viungo vyote vilivyo chini yake. Mambo haya yote mawili yalipita salama katika nyumba ya mfano wetu.

Neno moja kuhusu rangi. Ikionekana darini umepata jibu lisilo na ubishi. Isipoonekana, usihitimishe kwamba maji hayatoki hapo. Saruji na chokaa huikamata rangi njiani na wakati mwingine huigeuza, hata maji yakafika chini yakiwa meupe. Shahidi wako mkuu abaki kuwa ule mstari wa penseli na saa uliyoiandika.

BOMBA LINALOSAHAULIKA

Kuna bomba moja ambalo dira haliioni, tangi halilioni, wala siku mbili za ukavu hazilifichui. Ni kile kipande kilichomo ukutani kati ya koki ya kuogea na kichwa cha bomba la mvua. Kipande hicho huwa kitupu muda wote, na hupata maji pale tu mtu anapofungua koki. Kikiwa na kiungo kibovu, maji hutiririka nyuma ya vigae kila mtu anapooga, na watu hulaumu sakafu bure.

Ili kukijaribu, fungua kichwa cha bomba la mvua kwa spana, uweke kifuniko cha chuma au plastiki kilichofungwa kwa tepu ya uzi, kisha fungua koki kwa nusu saa. Sasa maji yamejaa ndani ya kipande hicho na yanasukuma, wala hapana hata tone linalomwagika ukutani au sakafuni. Doa likilowa, umempata mhusika. Katika nyumba ile halikulowa.

Kufikia hapa walikuwa wamemaliza siku nne, na kwa watu wasio na subira ingeonekana kama wamepoteza wakati. Ukweli ni kwamba walikuwa wamekwisha kuokoa vitu vingi visibomolewe: mabomba ya kuingia, bomba la maji machafu, choo, sinki na ukuta wa koki. Zilibaki sakafu na kuta.

KUIFURIKISHA SAKAFU

Sakafu hujaribiwa kwa kuifurikisha. Jambo hili lifanywe kwenye sakafu ya zege tu. Sakafu ya mbao isilazimishwe kubeba mzigo huo. Ukumbuke kwamba maji ya kina cha sentimita mbili na nusu katika bafu la mita mbili kwa moja na nusu ni lita 75, na lita 75 ni kilo 75. Zege zima huubeba uzito huo bila shida. Lakini zege ambalo limemeguka chini na kuonyesha nondo zenye kutu lisiongezewe mzigo, na hapo umwite mhandisi badala ya kuendelea.

Jaribio hili hufanywa mara mbili, na tofauti ya mara hizo mbili ndiyo yenye jibu. Mara ya kwanza, finyanga udongo wa mfinyanzi kama kamba nene na ujenge ukuta mdogo wa duara kuzunguka tundu la sakafu, kiasi cha kiganja kimoja kutoka ukingoni mwake. Jenga ukuta mwingine kama huo mlangoni. Jaza maji sakafuni yawe chini ya kimo cha kuta hizo, hakikisha hayaingii tunduni, tia alama ya kina chake, kisha uyaache saa 24. Kando yake weka beseni lenye maji ya kina kile kile. Maji ya wazi hupungua kwa kukauka hewani, na beseni litakuonyesha ni kiasi gani cha upungufu kilichotokana na hewa. Kama ya sakafuni yamepungua kuliko ya beseni, mengine yamepenya.

Wenzetu walifanya hivyo. Baada ya siku nzima, maji ya sakafuni na ya beseni yalikuwa yamepungua sawasawa, na dari ilikuwa kavu. Vigae vyote vile ambavyo fundi alitaka kuving'oa havikuwa na hatia.

Mara ya pili waliondoa ule ukuta wa udongo uliozunguka tundu. Walifunga kitambaa ndani ya nailoni, wakakisukuma ndani ya tundu mpaka kikashuka chini ya ukingo na kubana kama kizibo, kisha wakajaza maji kwa kina kile kile. Sasa maji yaligusa sehemu moja tu ambayo hayakuigusa mara ya kwanza wala wakati wa mpira: ile pete ambapo ukingo wa tundu unakutana na saruji ya sakafu. Kizibo cha namna hii huweza kupitisha maji kidogo, kwa hiyo kushuka kwa kina peke yake kusingekuwa ushahidi. Walitazama dari. Baada ya saa tano ukingo mmoja wa doa ukawa mweusi kwa unyevu, na kabla ya usiku maji yalikuwa yameuvuka mstari wa penseli kwa upana wa vidole viwili.

Hapo chanzo kikajulikana. Zile duara tatu pia zikapata maelezo: mtu alipooga haraka, maji yaliteremka tunduni bila kukaa; siku ya kufua, maji yalipojaa na kusimama juu ya tundu, ndipo yalipopenya kwenye pete.

Kama jaribio hili nalo lingaliwaonyesha dari kavu, zingalibaki kuta. Hizo hujaribiwa kwa kubandika nailoni kubwa ukutani kuanzia juu ya bomba la mvua hadi sakafuni, ili maji ya kuoga yateleze juu yake bila kugusa vigae. Oga hivyo siku kadhaa. Dari ikikauka, kisha ikilowa tena baada ya nailoni kuondolewa, basi maji yanapita kwenye viungo vya vigae au kwenye matundu yanayozunguka koki.

KUTENGENEZA NA KUHAKIKISHA

Matengenezo yaliyohitajika yalikuwa ni kuondoa vigae vinne tu vinavyozunguka tundu. Saruji iliyolegea ilichokolewa, na ukingo wa tundu ukasafishwa mpaka ukang'aa, kwa kuwa dawa ya kuzuia maji haishiki penye mafuta ya sabuni. Kisha tabaka la dawa hiyo likapakwa mara mbili, likiungana na tabaka la zamani la sakafuni na kushuka hadi ndani ya ukingo. Hapo ndipo mafundi wengi wanapokosea: hulikata tabaka kwenye ukingo wa tundu badala ya kulishusha ndani yake, na hivyo huacha pete wazi chini ya vigae.

Ndugu msomaji, usikubali vigae virudishwe kabla ya jaribio la pili la kufurikisha. Dawa ikishakauka kwa muda ulioandikwa kwenye kopo lake, ziba tundu, jaza maji, ungoja saa 24 na utazame dari. Kuona kosa wakati sakafu iko wazi hugharimu kopo moja la dawa. Kuliona baada ya vigae kutandikwa hugharimu kazi nzima upya.

Dari nayo isipakwe rangi kwa haraka. Zege hukauka kwa majuma, si kwa siku. Bandika kipande cha nailoni juu ya doa, uzibe pande zake zote nne kwa selotepu, uache siku nzima. Vitone vikiota upande wa ndani, kati ya nailoni na dari, zege bado linatoa maji. Vikiota upande wa chumbani, hayo ni mvuke wa hewa ya chumba, na dawa yake ni kufungua madirisha. Nailoni itakapobaki kavu pande zote, kwangua, pakaa kwanza rangi ya mafuta ya kuzuia madoa, kisha ndipo upake rangi ya maji. Ukipaka rangi ya maji peke yake, ule ukahawia utayeyuka na kujitokeza tena, na majirani wataanza kugombana juu ya uvujaji ambao haupo.

Ikiwa majaribio yako yanaelekeza kwenye bomba la kuingia lililofukiwa, hapo mwite fundi bomba mwenye pampu ya mkono na saa ya kupimia msukumo. Yeye hulitenga bomba, hulijaza maji kwa msukumo unaozidi ule wa kawaida, na hutazama kama mshale unashuka. Mwambie mapema ni bomba lipi unalolitilia shaka na kwa nini, na umpe karatasi uliyoandika tarehe, saa na matokeo ya kila jaribio.

Karatasi hiyo ina kazi nyingine. Katika nyumba ile, familia zote mbili zilitia sahihi chini ya matokeo. Wa juu alilipia tundu la sakafu pamoja na mpira wa choo, wa chini alilipia rangi ya dari, na mwenye nyumba akapelekewa nakala ili wapangaji watakaokuja baadaye wajue ni vigae vipi vinne viliwahi kufunguliwa, na kwa sababu gani.